Kununua trekta au kukodi: jinsi ya kupiga hesabu kabla ya msimu

Mkulima wa ekari 80 pale Kiteto au Kongwa, anayelima mahindi na alizeti na kuuza mazao yake Kibaigwa, hukaa kila Septemba na swali lile lile: aendelee kukodi trekta au anunue lake? Wengi huamua kwa kuangalia mambo mawili tu, bei ya trekta na fedha walizolipa kukodi mwaka jana. Mambo hayo mawili hayatoshi. Trekta la milioni 50 halikugharimu milioni 50, kwa sababu siku moja utaliuza. Na ekari ya kukodi kwa 60,000 haikugharimu 60,000 ikiwa trekta lilifika wiki mbili baada ya mvua.

Mwongozo huu unafuata hesabu ya mkulima huyo mmoja mwanzo hadi mwisho. Bei zilizotumika ni za mfano, kwa shilingi za Tanzania. Weka za kwako mahali pake, maana dizeli hupanda na bei ya kulima hutofautiana kata kwa kata. Njia ya kuhesabu haibadiliki.

Hatua ya 1: Jua ekari moja inakula saa ngapi

Anza na kazi, usianze na bei. Trekta la hosipawa 60 hivi huvuta plau ya sahani tatu inayokata upana wa karibu mita 0.9. Likienda kilomita 5 kwa saa lingeweza kumaliza ekari moja kwa muda mfupi kidogo kupita saa moja, lakini kuna kugeuza mwisho wa mstari, kuzibua majani, kukwepa visiki na kusimama kunywa maji. Robo ya muda hupotea hapo. Kwa hiyo kadiria saa moja na robo kwa ekari ya kulima. Haro huenda haraka zaidi, karibu dakika 40 kwa ekari ukihesabu na kugeuza.

Jumla ni saa 1.9 kwa ekari moja iliyolimwa na kupigwa haro. Kwa ekari 80 ni saa 152 kwa mwaka.

Hebu itazame namba hiyo vizuri. Chama cha wahandisi wa kilimo cha Marekani, ASABE, hukadiria kwamba trekta la kuvuta kwa magurudumu mawili linaweza kufanya kazi saa 12,000 katika maisha yake. Kwa saa 152 kwa mwaka, trekta la mkulima wetu lingehitaji karibu miaka 80 kuzimaliza. Maana yake ni kwamba trekta hilo halitaisha kwa kazi. Litaisha kwa kutu, kwa mipira kukauka na matairi kupasuka kwa jua, na kwa kupitwa na matoleo mapya. Kila mwaka unaopita unapoteza thamani, liwe limelima au limelala bandani.

Hatua ya 2: Andika gharama ya kukodi, ikiwa kamili

Mkulima wetu hulipa 60,000 kulima ekari na 35,000 kupiga haro. Hiyo ni 95,000 kwa ekari, na kwa ekari 80 ni 7,600,000 kwa mwaka. Bei hii tayari ina dizeli, dereva, utingo na spea za mwenye trekta.

Kabla ya kuendelea, hakikisha ekari unayolipia ni ekari kweli. Kipimo cha mtaani ni hatua 70 kwa 70. Ekari halisi ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wenye ubavu wa mita 63.6. Kwa hiyo hatua 70 zinatoa ekari ikiwa kila hatua ina sentimita 91 hivi, na hiyo ni hatua ya mtu mrefu anayetembea kwa kujinyoosha. Dereva akipiga hatua za sentimita 80, utalipia ekari 80 wakati shamba lina ekari 62. Zunguka shamba lako mara moja na simu yenye programu ya kupima eneo, andika namba, uitumie miaka yote. Kosa hili peke yake linaweza kukufanya uone kukodi ni ghali kuliko kulivyo.

Hatua ya 3: Gharama ya kumiliki, ile isiyojali kama umelima

Hapa ndipo hesabu nyingi za vijiweni huharibika, kwa sababu watu huhesabu dizeli na dereva kisha husema kinachobaki ni faida.

Chukua trekta jipya la milioni 52, plau ya milioni 5 na haro ya milioni 7. Jumla ni milioni 64. Tuseme utalitunza miaka 6, kisha utaliuza pamoja na zana zake kwa milioni 28. Kilichopotea ni milioni 36, au milioni 6 kila mwaka.

Cha pili ni gharama ya fedha iliyofungwa. Ukikopa, ni riba unayolipa. Usipokopa, ni kile ambacho fedha hiyo ingekuletea kwingine: hatifungani za Serikali, ng'ombe wa kunenepesha, au mahindi uliyonunua Julai ukayauza Februari. Wengi huruka mstari huu wakisema fedha ni yao wenyewe, kana kwamba fedha ya mtu mwenyewe haina kazi nyingine ya kufanya. Chukua wastani wa bei ya kununua na ya kuuza, yaani milioni 46, uzidishe kwa kiwango chako. Kwa asilimia 12 inakuwa milioni 5.5 kwa mwaka.

Cha tatu ni bima, banda na mlinzi. Weka milioni 1.5.

Kwa jumla ni milioni 13 kwa mwaka kabla trekta halijawashwa. Hizi ni gharama za kudumu.

Hatua ya 4: Gharama zinazofuata kazi

Kulima ekari kwa plau ya sahani hunywa dizeli lita 6 hadi 8, kutegemea udongo na kina. Haro hunywa nusu ya hapo au zaidi kidogo. Chukua lita 11 kwa kazi zote mbili. Kwa 3,000 kwa lita ni 33,000. Dereva na utingo wanaolipwa kwa ekari, 8,000. Oili, filta, sahani za plau zinazolika, bearingi, matairi na matengenezo, 10,000. Jumla 51,000 kwa ekari.

Hiyo 10,000 ya matengenezo haiwi ile ile kila mwaka. Kwa makadirio ya ASABE, gharama za matengenezo za trekta la kuvuta kwa magurudumu mawili hukua kwa mraba wa saa zilizofanyiwa kazi. Trekta likifika saa 5,000, matengenezo yote tangu mwanzo yanakuwa karibu asilimia 17.5 ya bei ya trekta jipya. Likifika saa 10,000 yanakuwa asilimia 70. Saa zimeongezeka mara mbili, matengenezo mara nne. Hayo ni makadirio ya nchi zenye oili safi na mafundi wa kampuni. Kwa dizeli ya kwenye madumu na vumbi la Dodoma, kuongeza mara mbili si kujitisha.

Hatua ya 5: Tafuta kizingiti

Kizingiti ni idadi ya ekari kwa mwaka ambapo kumiliki na kukodi vinagharimu sawa. Chini yake kodi, juu yake kununua kunaanza kuwa na maana.

```
kizingiti = gharama za kudumu / (bei ya kukodi - gharama ya kazi)
          = 13,000,000 / (95,000 - 51,000)
          = 295
```

Trekta jipya linamtaka mkulima wetu awe na ekari 295 kwa mwaka. Ana 80. Akinunua, ekari zake 80 zitamgharimu milioni 13 na nyingine milioni 4.1 za kazi, jumla milioni 17.1, badala ya 7.6 za kukodi.

Jibu la haraka la kila mtu hapa ni hili: nitalimia na wengine nipate ekari 215 zilizobaki. Kabla ya kulitoa jibu hilo, soma hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Pima kizingiti kwa kalenda

Ekari 295 kwa saa 1.9 ni saa 560. Kwa saa 9 za kazi halisi shambani kila siku, ni siku 62.

Ukanda wa Kongwa na Kiteto una msimu mmoja wa mvua. Udongo mkavu haukubali plau ipasavyo, na baada ya katikati ya Januari mahindi yaliyopandwa yameshachelewa. Kati ya mvua za kwanza na hapo una wiki sita au saba. Ondoa siku ambazo shamba ni tope, siku za kuhamisha trekta kijiji hadi kijiji, siku ya kungoja spea kutoka Dodoma mjini. Ukibaki na siku 35 umepanga vizuri. Siku 35 kwa saa 9 ni saa 315, yaani ekari 165.

Kwa hiyo trekta moja, kwa kulima na haro peke yake, haliwezi kufikia kizingiti chake katika msimu wa eneo hilo hata wateja wakipanga foleni. Haitokani na uvivu wa dereva. Mvua ndiyo iliyoweka kikomo. Na kila mteja anataka kulimiwa katika wiki zile zile unazotaka kulima kwako.

Mahali penye masika na vuli hesabu hii hulegea, kwa sababu madirisha ya kulima ni mawili kwa mwaka. Penye skimu ya mpunga wa kumwagilia hulegea zaidi. Ndiyo maana ushauri wa jirani wa Moshi unaweza kuwa sahihi kwake na ukawa hasara kwako.

Kuna jambo jingine kuhusu kulimia wengine. Ile tofauti ya 44,000 kwa ekari ni ya shamba lako, lililo pamoja na lenye mistari mirefu. Mashamba ya ekari mbili mbili yaliyotawanyika hula muda wa kugeuza na wa barabarani, na wapo watakaosema watalipa wakivuna. Kwa ekari za wateja hesabu 35,000 au chini ya hapo.

Hatua ya 7: Rudia hesabu kwa trekta lililotumika

Tuseme kuna trekta la miaka minane, aina ambayo spea zake zipo kila mji, Massey Ferguson kwa mfano, pamoja na plau na haro, kwa milioni 28. Utalitumia miaka 4 na kuliuza kwa milioni 20. Linapoteza milioni 2 kwa mwaka. Fedha iliyofungwa ni wastani wa milioni 24, na kwa asilimia 12 ni 2,880,000. Bima ndogo na banda, 800,000. Gharama za kudumu zinashuka hadi milioni 5.7.

Matengenezo yanapanda. Weka 20,000 kwa ekari badala ya 10,000, kwa hiyo gharama ya kazi inakuwa 61,000 na unachookoa kwa ekari ni 34,000. Kizingiti kinakuwa ekari 167 hivi, sawasawa na kikomo cha kalenda. Hapa kuna nafasi ya kupumua, ingawa ni ndogo.

Kinacholiokoa trekta la namna hii mara nyingi ni kazi isiyogombania wiki za mvua. Mfano ni kupukuchua mahindi kuanzia Juni. Mashine ya kupukuchua inayozungushwa na shafti ya nyuma ya trekta ikigharimu milioni 1.6 kwa mwaka (thamani inayopotea na fedha iliyofungwa), na ukapukuchua magunia 4,000 ukibakiwa na 1,200 kwa gunia baada ya dizeli na vibarua, umepata 4,800,000. Baada ya kutoa gharama ya mashine inabaki 3,200,000. Ukiipunguza kwenye gharama za kudumu za trekta lililotumika, zinabaki milioni 2.5 na kizingiti kinashuka hadi ekari 73. Mkulima wa ekari 80 anavuka.

Ukilifanyia trekta jipya vivyo hivyo, gharama za kudumu zinashuka hadi milioni 9.8 na kizingiti hadi ekari 223. Bado kiko juu ya 165.

Lakini angalia magunia hayo 4,000 yanatoka wapi. Usiyaandike kwenye karatasi mpaka umezunguka kijijini na kuhesabu mashine zilizopo. Zikiwa tano tayari, bei ya kupukuchua itashuka mwaka utakaoingia.

Hatua ya 8: Ongeza gharama ya kuchelewa

Mpaka hapa kukodi kumependelewa, kwa sababu hatujaweka kwenye mizani kile kinachowafanya watu wachukie kukodi. Mwenye trekta hulima kwake kwanza, halafu kwa shemeji yake, halafu kwa aliyelipa taslimu. Wewe ni wa nne.

Kadiria ekari ngapi zako huchelewa katika mwaka wa kawaida na kila moja hupungua magunia mangapi. Angalia mavuno yako mwenyewe: sehemu iliyopandwa wiki ya kwanza na ile iliyopandwa mwishoni. Ikiwa ekari 40 hupoteza gunia moja kila moja, na gunia unaliuza 60,000, kuchelewa kunakula 2,400,000.

Usisahau kwamba trekta lako pia linaweza kukuchelewesha. La zamani likiharibika pampu ya dizeli katikati ya Desemba, unakaa siku tano. Lihesabie hasara yake pia. Tuseme ekari 10, yaani 600,000.

Sasa picha ya ekari 80 inakuwa hivi kwa mwaka:

- Kukodi, pamoja na kuchelewa: milioni 10.0
- Trekta jipya: milioni 17.1
- Trekta lililotumika, pamoja na siku za kuharibika: milioni 11.2
- Trekta lililotumika na mashine ya kupukuchua: milioni 8.0

Kati ya mstari wa kwanza na wa tatu tofauti ni milioni 1.2, na makadirio yako yenyewe yanaweza kukosea zaidi ya hapo. Tofauti ikiwa ndogo kiasi hicho, kodi. Kukodi unaweza kuacha mwaka unaofuata bila hasara, ila trekta ulilokwisha kununua litahitaji mnunuzi kwanza.

Hatua ya 9: Ijaribu bei ya kuuzia

Bei ya kuuzia ndiyo namba unayoijua kidogo kuliko zote, kwa hiyo ijaribu kwa kuishusha na kuipandisha.

Trekta lililotumika ukiliuza milioni 12 badala ya 20, gharama za kudumu hupanda kutoka milioni 5.7 hadi 7.2. Hiyo ni milioni moja na nusu kila mwaka, inakula karibu nusu ya faida ya kupukuchua iliyokuvusha, na kizingiti kinapita tena ekari 80. Kwa trekta jipya mambo ni tofauti kidogo na wengi hawayategemei: hata ukiliuza milioni 36 badala ya 28, gharama za kudumu hushuka hadi milioni 12.2 tu, kwa sababu thamani inayobaki juu ni fedha inayoendelea kufungwa. Kizingiti kinabaki ekari 277. Kwa hiyo muuzaji akikwambia trekta lake halishuki bei, mkubalie, kisha mwonyeshe kwamba jibu halijabadilika.

Kinachoshikilia bei ya trekta lililotumika ni vitu vichache. Kadi ya usajili iwe kwa jina lako na isiwe imeshikiliwa na benki. Mita ya saa iwe inafanya kazi, na daftari la kumwaga oili kila saa 250 liwepo. Matairi mawili ya nyuma yawe na meno, maana ni ghali na mnunuzi atayakata kwenye bei zaidi ya yanavyouzwa dukani. Zaidi ya yote, spea ziwe zinapatikana bila kuagiza. Trekta zuri la aina ambayo muagizaji wake ameshafunga duka huuzwa kwa bei ya chuma.

Muda wa kuuza nao una bei yake. Agosti hadi Oktoba wanunuzi wamevuna na wanajiandaa. Februari hakuna anayetaka trekta, na anayeuza wakati huo kwa kawaida ana deni. Kama mkopo wako una marejesho ya kila mwezi na mazao yako yanauzwa mara moja kwa mwaka, unajiweka katika nafasi ya kuuza Februari. Omba marejesho yafuate mavuno kabla ya kusaini. Wakikataa, iongeze hatari hiyo kwenye karatasi yako.

Ukiamua kununua lililotumika

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, amelipasha ili lisikuonyeshe linavyohangaika kuwaka asubuhi. Likishawaka, fungua kifuniko cha kuwekea oili. Moshi unaosukuma kwa nguvu humaanisha ringi na silinda zimelika. Angalia maji ya rejeta kama yana mafuta juu. Nyanyua plau kwa haidroliki, zima injini, subiri dakika kumi: ikishuka yenyewe haraka, sili au pampu zimechoka. Mita ikionyesha saa 2,000 huku mpira wa pedali ya klachi umelika hadi chuma, amini pedali.

Kisha lilime ekari moja nzima mbele yako, ukipima dizeli kabla na baada. Hakuna jaribio linalolishinda hilo. Likinywa lita 10 kwa kulima peke yake kwenye udongo wa kawaida, tafuta chanzo kabla ya kulipa: inaweza kuwa plau iliyofungwa vibaya, matairi yanayoteleza, au injini.

Kununua kwa kikundi hupunguza gharama za kudumu kwa kila mtu, lakini hakuongezi siku 35. Wanachama watano wenye ekari 60 kila mmoja wana ekari 300 za trekta la ekari 165. Kikundi hufaa pale jumla ya ekari inapoingia kwenye kalenda, na pale zamu ya mwaka huu inapogeuzwa mwaka ujao, kwa maandishi, kabla trekta halijafika.

Ukiamua kukodi

Milioni 2.4 za kuchelewa ndizo zinazokuumiza, kwa hiyo bajeti yako itumie kuzinunua zirudi. Weka nafasi Septemba, wakati mwenye trekta anahitaji fedha ya spea. Mlipe awali sehemu, kwa mfano theluthi, kwa makubaliano yanayotaja siku: ndani ya siku tano tangu mvua ya kwanza ya kulimia, awe amelima angalau ekari 40 zako. Hata ukimwongezea 5,000 kwa kila ekari, ni 400,000 kwa ekari 80, na ukiokoa nusu tu ya hasara ya kuchelewa umebakiwa na 800,000. Gawa kazi kwa wenye trekta wawili ili mmoja akiharibikiwa usilale.

Kodi kwa ekari, si kwa saa. Kwa saa unalipia kila anapofunga bolti. Ukipewa trekta tupu bila dereva, andika mita ya saa na kiwango cha oili mkiwa wawili, na nani analipa klachi ikiungua.

Siku ya kulima, usikae nyumbani. Dereva anayelipwa kwa ekari hufaidika akinyanyua plau kidogo, maana trekta hukimbia na dizeli hubaki. Chukua kijiti chenye alama ya sentimita 20, kichomeke kwenye mfereji, ukutani upande usiolimwa, kila baada ya mistari michache. Ukipata sentimita 10 au 12, msimamishe hapo hapo arekebishe. Akishamaliza shamba hakuna atakayerudia, na palizi na ukame vitakulipisha ile nusu ya kina ambayo hukuipata.